Kitabu Kilichofunga kwa Milimita Nne

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. La, nakosea. Ishirini na mbili ndio ule mwaka wa kiangazi, ng'ombe wakianguka njiani kati ya Vitengeni na Ganze, fisi wameshiba hata hawageuki watu wakipita. Haya ninayoyasema yalikuwa mwaka uliofuata, ishirini na tatu, mwaka wa mvua. Ni lazima niuweke sawa, maana kama watu wale hawangekuwa wametoka kwenye kiangazi kile, labda wangemsikiliza Gerishom.

Mimi ni mtu wa kutembea. Kwetu ni Rabai, lakini tangu mke wangu afariki sikai mahali. Nashona viatu na miavuli, leo Mariakani, kesho Kaloleni, mwezi ujao Malindi, nikichoka nalala kwenye baraza ya mtu. Jina langu Nicholas. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo mtanisamehe nikieleza mambo ya hesabu kama mtu anayeeleza safari aliyosimuliwa.

Gerishom Mwaringa nilikutana naye Vitengeni, mbele ya duka la mbegu. Kijana mrefu, mwembamba, shati limechomekwa, na darubini ya kupimia ardhi iko kwenye sanduku la manjano miguuni pake. Alikuwa akinitazama kwa muda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaweza kusimama wima bila kutikisika?"

"Ndiyo kazi pekee nisiyofukuzwa."

Akacheka, akanikabidhi fimbo ya vipimo. Ni fimbo ndefu ya kuvuta, imechorwa namba nyeusi na nyekundu, na kazi yangu ikawa kuisimamisha pale aniambiapo, wima kama mshumaa, huku yeye anaisoma kwa mbali kupitia darubini.

Kazi yenyewe ilikuwa silanga, yaani bwawa la kukinga maji ya mvua. Watu wa Bonde la Mkone, juu kidogo ya Vitengeni, walikuwa wamepata mfadhili wa kuwajengea ukuta wa udongo wa kuzuia maji ya mvua. Ukuta unaziba bonde, na pembeni, kwenye mwamba, kunaachwa njia ya maji ya ziada, yenye kizingiti cha zege. Silanga ikijaa, maji yapite juu ya kizingiti, yazunguke kichaka, yashuke zake. Yasipite juu ya ukuta hata kidogo, kwa sababu ukuta ni udongo, na maji yakishapita juu ya udongo huwa hayaombi ruhusa mara ya pili. Kwa hiyo mchoro ulisema kizingiti kiwe chini ya mgongo wa ukuta kwa mita moja kamili. Mita ile moja ndiyo usalama wote wa bonde.

Na chini ya ukuta, pale bonde linapopanuka, ndipo ulipokuwa mji wa Mbeyu. Mbeyu ni mamake Gerishom. Nyumba mbili, zizi, shamba la mihogo, na kaburi la babake Gerishom lililosakafiwa vizuri. Kijana alikuwa akipima ukuta utakaoning'inia juu ya kichwa cha mama yake, na alijivunia jambo hilo. "Nimesomeshwa na mihogo hii," aliniambia, "sasa naitekea maji."

Nieleze kidogo namna wanavyopima, maana bila hiyo mambo mengine hayaeleweki.

Darubini ikishasawazishwa, jicho lake linatazama bapa, kama uso wa maji yaliyotulia. Tulianzia kwenye alama ya daraja dogo la barabarani, ambayo kimo chake kinajulikana, mita 152.340. Nikasimamisha fimbo pale, Gerishom akasoma 1.215. Akajumlisha, akajua jicho la darubini liko 153.555. Hiyo wanaiita kutazama nyuma. Kisha nikaenda mbele na fimbo, nikaisimamisha juu ya jiwe, akasoma, akatoa, akapata kimo cha jiwe. Hiyo ni kutazama mbele. Halafu yeye ndiye anayehama na darubini, mimi nabaki na fimbo juu ya jiwe lile lile, anatazama nyuma tena. Tunakwenda hivyo, mguu huu na mguu huu, mpaka bondeni, na kurudi mpaka darajani tulikoanzia.

Lakini njiani kuna mahali pengine unapotaka kujua kimo chake bila kupita juu yake. Unasimamisha fimbo, anasoma, anaandika katika safu ya katikati ya kitabu chake cha vipimo, basi, unaondoka. Safari haikanyagi pale. Mahali pamoja kama hapo palikuwa kigingi cha ukuta, walichokipigilia ubavuni mwa bonde, pale ukuta utakapoanzia. Darubini ilikuwa imesimama na jicho lake liko 151.270. Nikashika fimbo juu ya kigingi. Gerishom akapaza sauti, maana alikuwa na tabia ya kuzitamka namba kama mwadhini:

"Mbili, nukta nane, sita, tano! Nenda mzee, kwenye mwamba sasa!"

Nikaenda kwenye mwamba, pale kizingiti kitakapowekwa. Mwamba ulikuwa kituo cha kweli, safari ilipita juu yake.

Alasiri tukaketi uani kwa Mbeyu, na wanakamati wa silanga wakaja kutazama. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Jedida, mwanamke mpana, mkali, aliyezika ng'ombe wake wote katika kiangazi. Gerishom aliwafundisha hesabu mbele yetu kama mwalimu. Alijumlisha safu ya kutazama nyuma, ikaja 7.735. Akajumlisha ya kutazama mbele, ikaja 7.731. Tofauti, milimita nne. Kisha akaonyesha kimo cha mwisho alichopata darajani: 152.344, nasi tulianza na 152.340. Milimita nne tena.

"Ndiyo kusema nini, mwanangu?" akauliza Jedida.

"Ndiyo kusema tumefunga, mama. Tumeondoka mahali, tumerudi pale pale, tumepotea milimita nne tu, unene wa punje mbili za mchele. Ruhusa yetu ni kumi na moja. Kitabu kikifunga hivi, hata shetani hana pa kuingilia."

"Na kisipofunga?"

"Tunapima upya hata kama jua linatua."

Jedida akapiga makofi. "Mmesikia? Kikifunga, ni kweli." Tangu siku hiyo wakamwita Bwana Funga. Watoto wakimwona na sanduku lake walipiga kelele, "Bwana Funga! Leo umefunga?" Naye anajibu, "Nimefunga, sijafuturu!" Vicheko.

Alifanya hesabu zote kwa mkono, hapo hapo, kwa kalamu. Alisema simu humfanya mtu mvivu. Mhandisi wa kampuni ya ujenzi, Mwenda, mtu wa Meru mwenye ofisi Kilifi mjini, aliona milimita nne, akatia sahihi.

Ukuta ukajengwa. Gerishom alikuwa ameshakwenda Malindi kupima viwanja, na mimi nilikuwa na viatu vyangu. Fundi aliyesimamia udongo aliitwa Odera, mtu wa ziwani, mcheshi, mwenye mikono kama makasia. Yeye hakuhitaji darubini. Alipewa karatasi: kigingi kiko 149.405, mgongo wa ukuta uwe 150.900, basi panda juu ya kigingi mita moja na milimita mia nne tisini na tano. Odera akapima kimo hicho kutoka kwenye kigingi, halafu akakihamisha ukuta mzima kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Maji ya ncha hii na ya ncha ile husimama sawa siku zote. Kazi safi. Upande wa pili wa kichaka, watu wengine wakajenga kizingiti kutoka kwenye ule mwamba. Mwamba ulikuwa 149.550, wakapandisha zege sentimita thelathini na tano, kikawa 149.900. Kazi safi pia. Kichaka kilikuwa katikati. Aliyesimama ukutani hakuona kizingiti, na aliyesimama kizingitini hakuona ukuta.

Mvua za kwanza zilishuka mwezi wa kumi. Silanga ikaanza kushika maji. Nilipita huko wakati huo nikakuta watu wana nyuso nyingine kabisa. Wanawake wanafua, mbuzi wanakunywa, Jedida amenunua mtamba. Usiku vyura wanaimba hata huwezi kulala, na hakuna aliyelalamika.

Gerishom naye alikuwa amerudi kwa mama yake. Kampuni ilitaka ripoti ya mwisho, na ripoti ilitaka hesabu ziandikwe kwa njia ya pili, ile ya kupanda na kushuka. Katika njia hii humuulizi jicho la darubini. Unalinganisha kila mahali na mahali palipotangulia: hapa tumepanda kiasi gani, hapa tumeshuka kiasi gani. Kila mstari unashika mkono wa mwenzake, hata ile safu ya katikati inaingia kwenye mlolongo. Aliketi barazani na kitabu, Mbeyu anachambua kunde, mimi natia soli kiatu cha jirani.

Nikamwona amesimamisha kalamu. Akafuta, akaandika tena.

"Mzee Nicholas," akasema, "mia moja hamsini na moja nukta mbili saba sufuri. Toa mbili nukta nane sita tano. Unapata ngapi?"

"Mimi tena?"

"Nipigie tu."

Nikachora kwenye vumbi kwa msumari wa kiatu. Niliikokotoa polepole kama alivyotufundisha padri shuleni. "Mia moja arobaini na tisa," nikasema, "nukta nne sufuri tano."

Mbeyu akacheka. "Mwalimu kapata mwenzake."

Lakini Gerishom hakucheka. "Mbili toa nane haitoki, mzee. Umekopa?"

"Nimekopa."

"Uliyemkopa umempunguzia?"

Nikatazama vumbi langu. Sikumpunguzia. Ile moja ya mwisho ya mia moja hamsini na moja nilikuwa nimeikopa nikaiacha imesimama pale pale, kama haikuguswa. Jibu la haki lilikuwa 148.405. Mita moja nzima.

"Na mimi nilifanya hivyo hivyo," akasema.

Akatuonyesha. Kutoka jiwe lililotangulia, kimo 149.930, tulishuka 1.525 hadi kigingini: 148.405. Kutoka kigingini tulipanda 1.145 hadi mwambani: 149.550, sawasawa na kitabu. Lakini ukikiweka kigingi 149.405 kama alivyoandika, mwamba unaruka mpaka 150.550, na mlolongo unakatika.

"Lakini ulifunga," nikasema.

"Nilifunga, mzee. Kufunga kunapita kutazama nyuma na kutazama mbele tu. Safu ya katikati haimo. Ningeandika kigingi kile kiko mbinguni, bado ningefunga kwa milimita nne."

Mbeyu akaweka ungo chini. "Sasa hiyo mita moja iko wapi?"

Gerishom akachukua sanduku, mimi nikachukua fimbo, tukapanda.

Alisimamisha darubini mahali penye kuona pande zote mbili, penye mwanya wa kichaka. Akanituma kizingitini. Akasoma: 1.600. Akanituma juu ya ukuta. Namba ikiwa kubwa, ujue mguu wa fimbo uko chini zaidi. Kama ukuta ungekuwa juu kwa mita moja, angesoma sufuri nukta sita hivi. Alinitazama kupitia darubini kwa muda mrefu sana. Nilidhani sijaishika wima.

"Imesimama?" nikamwuliza kwa sauti.

"Imesimama." Sauti yake haikufika vizuri. "Moja, nukta sita, nne."

Ukuta ulikuwa umejengwa sawa na kizingiti, na udongo mpya ulikuwa umeshakaa kidogo, ukawa chini yake. Maji yakijaa, yatapita juu ya udongo kabla ya kuijua njia yake.

Siku ya pili tulikwenda Kilifi, kwa Mwenda. Si mtu mbaya, nisimseme vibaya. Alikuwa na mafaili kila upande na mafua.

"Gerishom, kosa la kufunga ni milimita nne. Nimetia sahihi mwenyewe."

"Kufunga hakukigusi kigingi, mhandisi. Kigingi ni cha safu ya katikati. Sikukata moja."

Mwenda akachukua kitabu, akafuata mstari kwa kidole. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Alirudia ile hesabu mara mbili, kisha akavua miwani.

"Tingatinga liko Lamu," akasema. "Na hata likirudi leo, udongo uliolowa haushindiliki. Kuinua ukuta ni baada ya mvua. Mnachoweza sasa ni kushusha kizingiti. Vunjeni zege, maji yatoke. Lakini silanga tumeshaikabidhi kwa kamati. Pateni ruhusa yao, nami nitaandika barua."

"Barua itafika lini?"

"Naiandika, Gerishom."

Kamati ilikutana katika darasa la shule ya chekechea, watu wamekalia vile viti vidogo, magoti yamefika videvuni. Gerishom alisimama mbele, akasema bila kuficha: nimekosea kutoa, ukuta ni mfupi mita moja, tuvunje kizingiti tumwage maji.

Jedida akaondoka kitini.

"Tumwage nini?"

"Maji, mama."

"Mwanangu, mimi nimeburuta ng'ombe wangu kwa kamba mpaka shimoni. Mmoja baada ya mwingine. Huyu hapa Kombe amemzika mtoto kwa kuhara maji ya tope. Leo Mungu ametupa, wewe unasema tumwage?"

"Si yote. Yashuke kidogo, kabla—"

"Kitabu hakikufunga?"

"Kilifunga."

"Si wewe uliyetufundisha? Kikifunga ni kweli? Shetani hana pa kuingilia?"

"Nilisema, mama. Nilisema vibaya."

"Wakati ule ulisema kweli au sasa?" akauliza Kombe, mzee mpole asiyesema sana. Hakuwa anamdhihaki. Alitaka kujua hasa.

Gerishom akachukua chaki, akaandika hesabu ubaoni, akaeleza kukopa, akaeleza safu ya katikati. Nilitazama nyuso za watu. Walikuwa wameelewa somo la kwanza, lililokuwa fupi na lenye furaha. Hili la pili lilikuwa refu na linawanyang'anya maji. Mtu wa nyuma akasema, "Bwana Funga leo amefungua," wengine wakacheka, kicheko kidogo cha uchovu. Wakaamua wangoje barua ya mhandisi.

Basi Gerishom akamwendea mama yake, amhamishe walau yeye. Nilikuwepo. Alimwambia aende kwa dadake, Mariakani, mpaka mvua zipite.

Mbeyu alikuwa akikuna nazi. Hakuacha kukuna. "Nani mwingine anahama?"

"Hakuna. Hawajakubali."

"Basi mimi, mama wa huyo aliyepima, nibebe kitanda nipite nacho mbele ya nyumba zao. Watasemaje?"

"Waseme watakalo!"

"Watasema hata mamake hamwamini. Nani atakuita kupima tena? Kaloleni? Malindi?" Akapangusa mbuzi ya nazi kwa kiganja. "Wewe umekosa kutoa moja, mwanangu. Mimi sitakutoa wewe."

Nikamwambia, "Mama Gerishom, maji hayajui aibu."

"Mimi naijua, mzee. Nipishe mwanga."

Hapo Gerishom akaazima nyundo kubwa. Odera, aliyekuwa bado Vitengeni akijenga vyoo vya shule, aliposikia alikuja bila kuitwa, na mtaimbo begani. "Mpira wangu wa maji haukukosea," akasema, "lakini ukuta ni wangu." Wakaanza kuvunja kizingiti asubuhi, mvua ikinyesha. Zege ilikuwa nzuri, bahati mbaya. Chini ya zege kulikuwa mwamba, na mwamba si kitu cha nyundo, kwa hiyo hata wangemaliza, wangepata sentimita thelathini na tano tu, si mita. Gerishom alijua. Alisema, "Tuchukue hizo zilizopo."

Walipofungua pengo la upana wa mlango, watu wakafika. Hakuna aliyempiga mtu. Wanawake waliketi tu juu ya kizingiti, mbele ya nyundo, na ndoo zao, na Jedida katikati. Odera akaweka mtaimbo chini. Gerishom akabaki na nyundo mkononi, maji yanamchuruzika usoni, akisema, "Mama zangu, tafadhalini. Tafadhalini." Pengo lile lilikuwa likipitisha maji kidogo, safi, na watoto walikuja kuyachezea.

Mvua kubwa siku hiyo ilinyesha juu, kwenye vilima, si kwetu. Kwetu kulikuwa na manyunyu tu. Kabla ya adhuhuri silanga ilikuwa imefika juu. Nilikuwa nimesimama na Gerishom pale penye mwanya wa kichaka. Tuliona maji yanajaza pengo, na kabla hayajapanda juu ya kizingiti chenyewe, katikati ya ukuta, ukanda mwembamba uking'aa kama kisu unavuka mgongo wa udongo. Jedida, aliyekuja kusimama kando yetu, naye aliuona. Alisema neno moja kwa Kigiriama, akaanza kukimbia akishuka upande wa nyumba, akipiga ukunga, mwanamke mzito vile. Watu wengi wa bonde walitoka majumbani kwa ukunga wake. Hilo nalo lisemwe.

Gerishom alikuwa ameshatangulia kuelekea kwa mama yake. Ukuta haukupasuka kwa kishindo kama watu wanavyosimulia. Ulikatwa. Mfereji, halafu mtaro, halafu hakuna ukuta.

Mbeyu tulimpata siku ya tatu, chini sana, kwenye uzio wa miiba wa jamaa mmoja wa Kombe. Kaburi la mumewe lilikuwa limechukuliwa lote, saruji na yaliyomo, kwa hiyo hatukuwa na mahali pa kumlaza kando yake. Walikufa wengine wanne, mmoja wao ni mtoto wa bintiye Jedida. Jedida mwenyewe tangu hapo haongei na mtu kuhusu maji.

Gerishom hakushtakiwa. Kamati ya uchunguzi ilikuja na magari, ikaandika kwamba mvua ilizidi kiwango. Mwenda alitoa kitabu, akasema kweli yote, na Gerishom akasema kweli yote, nao wakaandika kwamba vipimo vilifunga ndani ya ruhusa, jambo ambalo pia lilikuwa kweli. Sasa kijana yuko Mariakani, analinda yadi ya malori. Ameoa, mkewe Caroline ni mtu mwema, hunipa chai. Darubini aliirudisha kwa kampuni. Nikipita huko hutaka nikae naye langoni. Lori likitaka kugeuka yeye humwongoza dereva kwa mkono, nyuma, nyuma, mbele kidogo. Usingizini, anasema Caroline, huongea. Hutaja namba.

Siku ya uchunguzi waliuliza kama kuna mwananchi mwenye la kusema. Niliinua mkono. Nilisema kwamba mimi natembea, na katika kutembea nalala kwa watu walio chini ya silanga nyingi, kuanzia Bamba hadi nyuma ya Malindi, na nyingi zimejengwa na vijana wa namna ile ile, kwa vitabu vya namna ile ile, vilivyofunga. Bwana mkubwa aliyekuwa katikati ya meza alinisikiliza kwa adabu, kalamu yake imeinuliwa. Nikamuuliza: katika vitabu hivyo vyote, ni nani amerudi kuipitia safu ya katikati?